Jina Lipo, Programu Hailioni

Ni mwisho wa mwezi katika ofisi ya SACCOS. Kompyuta ya mhasibu imewekewa Crystal Reports toleo la 2020, badala ya lile la 2016 lililokuwa likitumika kwa miaka. Hakuna kingine kilichoguswa. Faili za ripoti ni zilezile, seva ya MySQL iko palepale chumba cha pili, na nywila haijabadilika. Mhasibu anafungua ripoti ya mikopo iliyochelewa, anaiagiza ilete data mpya, na badala ya orodha ya wakopaji anapata maneno haya:

```
IM002 [Microsoft][ODBC Driver Manager] Data source name not found
and no default driver specified
```

Maana yake ni kwamba jina la chanzo cha data halikupatikana, wala hakuna draiva nyingine iliyoteuliwa ya kushika nafasi yake. Mhasibu anampigia simu kijana anayewatunzia kompyuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii programu yenu mpya inaniambia jina halipo, na jina lipo. Nimefungua ODBC nimeliona kwa macho yangu, limeandikwa Mikopo."

"Umefungua ODBC ipi, mama?"

"Kwani ziko ngapi?"

Mfano huu nimeutunga ili tuufuate hatua kwa hatua, lakini tatizo lenyewe linawapata watu wengi kila mahali penye Windows na programu za ripoti. Swali la kijana ndilo linalofungua fundo. ODBC ziko mbili katika kompyuta hiyo, na jina ambalo mama ameliona limeandikwa kwa mmoja huku programu yake mpya ikiuliza kwa mwingine. Maneno ya kwenye kioo hayakusema uongo, ila yameacha jambo moja muhimu: halikupatikana wapi?

Tuanze na kazi ya ODBC yenyewe. Kabla yake, kila programu iliyotaka kusoma hifadhidata ililazimika kujua lugha ya ndani ya hifadhidata hiyo. Mwaka 1992 Microsoft ilitoa ODBC ikiwa njia moja ya pamoja: programu inaongea na msimamizi wa draiva aliyemo ndani ya Windows, msimamizi anaita draiva inayohusika, na draiva ndiyo inayojua kuongea na MySQL, Oracle, PostgreSQL au SQL Server. Ili mtumiaji asilazimike kuandika anwani ya seva, jina la hifadhidata na aina ya draiva kila mara, maelezo hayo huwekwa pamoja na kupewa jina moja fupi. Jina hilo ndilo linaloitwa DSN. Ripoti ya mhasibu wetu haijui seva iko wapi. Ndani yake limeandikwa neno moja tu, Mikopo, na Windows ndiyo inayotakiwa kulifasiri.

Sasa ingia suala la biti. Programu ya biti 32 na programu ya biti 64 zinaweza kukaa katika Windows moja na kufanya kazi kwa wakati mmoja bila ugomvi. Kinachokatazwa kabisa ni kuchanganya ndani ya programu moja inayoendeshwa. Draiva ya ODBC si programu inayojitegemea. Ni faili la msimbo linalopakiwa ndani ya kumbukumbu ya programu iliyoliita. Programu ya biti 64 haiwezi kupakia draiva ya biti 32 ndani yake, wala ya biti 32 haiwezi kupakia ya biti 64. Hapo hakuna mpangilio wa kubadilisha, wala ruhusa ya kuomba kwa msimamizi wa mtandao.

Kwa sababu hiyo Windows ya biti 64 imeweka kila kitu cha ODBC mara mbili. Kuna msimamizi wa draiva wa biti 64 na mwenzake wa biti 32. Kuna orodha ya draiva za upande huu na orodha ya upande ule. Kuna majina ya DSN ya huku na majina ya kule. Na kuna madirisha mawili ya kuyaandikia majina hayo, ambayo ndiyo yanayowachanganya watu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu faili zake zina jina moja:

```
C:\Windows\System32\odbcad32.exe
C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe
```

Mtu yeyote mwenye akili timamu akiyatazama hayo atasema la juu ni la biti 32 na la chini ni la biti 64. Ni kinyume chake. Lililomo ndani ya `System32` ndilo la biti 64, na lililomo ndani ya `SysWOW64` ndilo la biti 32. Windows ilipohamia biti 64, programu nyingi zilikuwa tayari zimeandikwa zikitaja folda la `System32` kwa jina. Microsoft ikaliacha jina hilo liendelee kuwa makao makuu ya mfumo, hata kama mfumo wenyewe sasa ni wa biti 64, ili waandishi wa programu wasilazimike kubadilisha kila mahali walipolitaja. Vitu vya biti 32 vikapelekwa kwenye folda jipya, na herufi WOW64 katika jina lake zinatokana na ile sehemu ya mfumo inayoziwezesha programu za biti 32 kufanya kazi ndani ya Windows ya biti 64. Sababu inaeleweka kwa mwandishi wa programu. Kwa mhasibu aliye mbele ya kioo mwisho wa mwezi, ni mtego, na nadhani ilistahili kuwekewa ilani iliyo wazi tangu mwanzo.

Katika Windows 7 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ukipitia Control Panel ulipelekwa kwenye dirisha la biti 64 tu, na lile la biti 32 ulilazimika kulifuata ndani ya folda lake. Kuanzia Windows 8 njia za mkato zimeandikwa wazi `ODBC Data Sources (32-bit)` na `ODBC Data Sources (64-bit)`, na ndani ya dirisha kuna safu ya `Platform` inayotaja biti. Hata hivyo, mtu akiandika `odbc` kwenye sehemu ya kutafutia na kubofya jibu la kwanza bila kusoma yaliyo kwenye mabano, anarudi kwenye kosa lilelile.

Majina yanayoandikwa katika madirisha hayo huhifadhiwa kwenye rejista ya Windows, na ukijua mahali pake utaelewa kwa nini upande mmoja hauoni ya mwingine. Majina yanayotumika na kila mtu kwenye kompyuta, yaani `System DSN`, yamegawanywa hivi, ya biti 64 kwanza na ya biti 32 baadaye:

```
HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\ODBC\ODBC.INI
HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\WOW6432Node\ODBC\ODBC.INI
```

Chukua kwamba ni madaftari mawili ya wageni yaliyo kwenye milango miwili ya jengo moja. Ukijiandikisha mlango wa mashariki, mlinzi wa magharibi atakapoulizwa atasema hajakuona, naye atakuwa anasema kweli. Crystal Reports ya 2016 ilikuwa programu ya biti 32, kwa hiyo jina Mikopo liliandikwa kwenye daftari la biti 32. Crystal Reports 2020 ni ya biti 64. Inapouliza, swali linakwenda moja kwa moja kwenye daftari la biti 64, ambalo halijawahi kuandikwa jina hilo.

Kuna `User DSN` pia, yaani majina ya mtumiaji mmoja tu, na hayo yana tabia yake. Yamewekwa chini ya `HKEY_CURRENT_USER`, mahali ambapo hapajagawanywa, kwa hiyo pande zote mbili zinayaona. Lakini kuona jina si sawa na kuweza kupakia draiva yake. Programu ya biti 64 ikilikuta jina la namna hiyo linaloelekeza kwenye draiva ya biti 32, hupewa ujumbe mwingine, wenye msimbo `IM014`:

```
IM014 The specified DSN contains an architecture mismatch
between the Driver and Application
```

Ukiuona huo, shukuru. Unasema wazi kwamba programu na draiva hazilingani kwa biti, na hauna haja ya kutafuta zaidi. `IM002` ndiyo inayopoteza watu muda, kwa sababu inamfanya mtu ahakiki herufi za jina, aanzishe upya seva, abadilishe nywila, hata aondoe programu nzima na kuiweka tena, ilhali hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoharibika. Utajua kwamba seva haihusiki kwa dalili moja rahisi: ujumbe huu hutokea papo hapo. Windows haijafika hata kwenye waya wa mtandao. Imekwama kwenye kutafuta jina ndani ya kompyuta yenyewe. Seva ikiwa imezimwa au nywila ikiwa na kosa, kwa kawaida ujumbe hutoka kwenye draiva na hutaja jina la draiva hiyo. Hapa aliyesema ni `ODBC Driver Manager`, maana yake draiva haijaitwa bado.

Turudi kwa mhasibu. Kijana amefika, na jambo la kwanza analofanya si kufungua ODBC. Anataka kujua programu inayouliza ni ya biti ngapi. Anaacha Crystal Reports ikiwa wazi, anafungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, anakwenda kwenye kichupo cha `Details`, anabofya vichwa vya safu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, anachagua `Select columns` kisha `Platform`. Safu mpya inajitokeza ikionyesha biti za kila programu inayoendeshwa. Njia hii naiamini kuliko kukisia kwa kutazama folda. Ni kweli kwamba programu za biti 32 kwa kawaida hukaa ndani ya `Program Files (x86)`, lakini hiyo ni dalili, si ushahidi. Task Manager inasoma kitu chenyewe kinachoendeshwa.

Jibu ni biti 64. Sasa anafungua PowerShell na kuuliza madaftari yote mawili kwa pamoja:

```
Get-OdbcDsn -Platform All | Format-Table Name, DsnType, Platform, DriverName
Get-OdbcDriver -Platform All | Format-Table Name, Platform
```

Amri ya kwanza inaleta majina yote ya DSN pamoja na biti zake. Mikopo linatokea mara moja, likiwa `System` na `32-bit`. Mama aliliona kweli, kwa sababu njia ya mkato iliyowekwa juu ya meza ya kompyuta yake miaka ile ilielekezwa kwenye dirisha la biti 32. Amri ya pili inaleta orodha ya draiva, na hapo linaonekana jambo la pili ambalo wengi hulisahau: `MySQL ODBC 8.0 Unicode Driver` ipo kwa upande wa biti 32 tu. Hata kijana angefungua dirisha la biti 64 na kubofya `Add`, asingeikuta draiva ya MySQL kwenye orodha ya kuchagua. Kutengeneza jina bila draiva ya upande huo haiwezekani.

Kwa hiyo kazi ina hatua mbili, na mpangilio wake haugeuzwi. Kwanza draiva, halafu jina. MySQL hutoa faili tofauti za kusakinisha draiva kwa kila upande. La biti 64 hubeba `winx64` ndani ya jina lake na la biti 32 hubeba `win32`. Kijana anachukua la `winx64` la namba ya toleo inayolingana na ile iliyokuwapo. Draiva hii hutegemea pia maktaba za Visual C++ za Microsoft, nazo lazima ziwe za biti 64. Zikikosekana, huenda ukapata jina na draiva vyote vimeandikwa vizuri, halafu ukajibiwa kwamba draiva imeshindwa kupakiwa kwa sababu ya `system error 126`. Huo si ugonjwa wa jina tena. Unasema faili fulani ambalo draiva inalihitaji halipo, na dawa yake ni kusakinisha maktaba hizo.

Draiva ikishakaa, anafungua `ODBC Data Sources (64-bit)` akiwa na haki za msimamizi wa kompyuta, anakwenda kwenye `System DSN`, anabofya `Add`, anachagua draiva ya MySQL na kujaza anwani ya seva, mlango wa 3306, jina la mtumiaji na hifadhidata. Kwenye nafasi ya jina anaandika Mikopo, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye upande wa biti 32. Hapa ndipo penye busara ya kazi nzima. Majina mawili yanayofanana hayagongani, kwa kuwa yako kwenye madaftari tofauti. Ripoti zote za zamani zina neno Mikopo ndani yake. Jina likibaki hilohilo, hakuna ripoti hata moja inayohitaji kufunguliwa na kurekebishwa. Mtu anayeongeza neno na kuliita Mikopo64, akidhani anaweka mambo wazi, analazimika kuingia kwenye kila ripoti, kufungua `Set Datasource Location` na kubadilisha chanzo moja baada ya nyingine. Ofisi yenye ripoti nyingi italia.

Jina la zamani la biti 32 haliguswi. Huenda kuna programu nyingine katika kompyuta hiyo, tuseme Excel ya biti 32 au mfumo wa zamani wa mishahara, inayolitegemea. Kulifuta kunahamisha tatizo kutoka meza moja kwenda nyingine.

Anabofya `Test`, jibu linakuja kwamba muunganisho umefaulu. Kitufe hiki kinastahili kuelezwa, kwa sababu ndicho kinachowapa watu matumaini ya uongo. Jaribio hilo huendeshwa na dirisha lenyewe, kwa biti za dirisha hilo. Likifaulu ndani ya dirisha la biti 32, limethibitisha kwamba programu za biti 32 zitafika kwenye seva, na halijasema chochote kuhusu za biti 64. Ndiyo maana mama angeweza kubofya `Test` siku nzima, akapata jibu zuri kila mara, na ripoti ikaendelea kugoma. Ukisikia mtu anasema ODBC inajaribiwa vizuri lakini ripoti haifunguki, shuku biti kabla ya kushuku kingine.

Ofisi yenye kompyuta nyingi haihitaji kurudia mibofyo hiyo kila mahali. Amri moja ya PowerShell, ikiendeshwa na msimamizi baada ya draiva kusakinishwa, inaandika jina kwenye daftari linalotakiwa:

```
Add-OdbcDsn -Name "Mikopo" -DsnType System -Platform 64-bit `
  -DriverName "MySQL ODBC 8.0 Unicode Driver" `
  -SetPropertyValue "Server=seva1","Port=3306","Database=saccos"
```

Angalia kwamba sikuweka nywila humo. Draiva ya MySQL huihifadhi nywila ya DSN kwenye rejista ikiwa maandishi ya kawaida, na `System DSN` husomeka na kila anayeingia kwenye kompyuta hiyo. Ni bora Crystal Reports iulize nywila, na mtumiaji wa hifadhidata anayetumika kwa ripoti apewe ruhusa ya kusoma tu.

Tatizo hili lina uso wa pili, nao huwasumbua zaidi wale wanaotengeneza ripoti kwenye kompyuta yao na kuzipeleka kwenye seva. Visual Studio, ambayo wengi huchorea ripoti za SQL Server, ilikuwa ya biti 32 hadi toleo la 2019. Ya 2022 ndiyo ya kwanza kuwa ya biti 64. Seva ya ripoti yenyewe ni ya biti 64. Mchoraji anayetumia toleo la 2019 anatengeneza DSN ya biti 32, anaitazama ripoti yake ikijaa takwimu vizuri, anaipeleka kwenye seva, na kule inajibu `IM002`. Hapo anahitaji vitu viwili: DSN ya biti 32 kwenye kompyuta yake kwa ajili ya kuchora, na DSN ya biti 64 yenye jina hilohilo kwenye seva kwa ajili ya kuendesha.

Na kwenye seva kuna kosa jingine linalotoa maneno yaleyale bila biti kuhusika. Msimamizi anaingia kwenye seva kwa jina lake, anaandika jina kwenye `User DSN`, anajaribu, inafaulu. Lakini ripoti haiendeshwi kwa jina lake. Inaendeshwa na huduma yenye akaunti yake yenyewe, na akaunti hiyo haina njia ya kuona majina binafsi ya mtu mwingine. Itajibu kwamba jina halipo. Kwa hiyo kwenye seva, na kwenye kazi yoyote iliyopangwa kujiendesha usiku, tumia `System DSN`. Sioni sababu nzuri ya kutumia nyingine hapo.

Wapo wanaojaribu kuliepuka jina kabisa, wakiandika maelezo yote ya muunganisho ndani ya programu na kutaja draiva moja kwa moja. Njia hiyo inaondoa daftari la majina, lakini daftari la draiva linabaki, nalo limegawanywa vilevile kwa biti. PostgreSQL ndiyo inayolionyesha hili waziwazi: draiva yake ya biti 32 inaitwa `PostgreSQL Unicode` na ya biti 64 inaitwa `PostgreSQL Unicode(x64)`. Maelezo yaliyofanya kazi kwenye programu ya biti 32 yakihamishiwa kwenye ya biti 64 bila kuongeza mabano hayo, draiva ya jina hilo haitapatikana, na ujumbe utakaorudi ni uleule wa `IM002`. Ndiyo maana maneno ya ujumbe huo yana nusu ya pili inayozungumzia draiva.

Si kila tatizo la biti linatibika kwa kuongeza upande uliokosekana. Draiva ya zamani ya Access inayokuja na Windows, `Microsoft Access Driver (*.mdb)`, ni ya biti 32 tu. Ya biti 64 huletwa na kifurushi kingine cha Microsoft, chenye draiva iitwayo `Microsoft Access Driver (*.mdb, *.accdb)`, nacho kimejulikana kwa kugoma kusakinishwa pale Office iliyopo inapokuwa ya biti tofauti. Zipo pia draiva za mifumo ya zamani ya uhasibu ambazo watengenezaji wake hawakuwahi kutoa za biti 64. Ukiwa na draiva ya namna hiyo, hakuna ujanja ndani ya ODBC utakaoipakia kwenye programu ya biti 64. Utabaki na toleo la biti 32 la programu ya ripoti kwa kazi hiyo, au utahamishia data kwenye hifadhidata yenye draiva za pande zote mbili. Mtu akuambie ukweli huo mapema, kabla hujanunua leseni ya toleo jipya.

Kwa anayejiandaa kubadilisha programu ya ripoti, basi, amri zile mbili za PowerShell ziendeshwe siku kadhaa kabla, na matokeo yake yachapishwe. Kila jina lenye `32-bit` linalotumiwa na programu inayohamia biti 64 litahitaji mwenzake, na kila draiva ya jina hilo itahitaji kuwapo upande wa pili. Na ukimpigia simu fundi, msomee ujumbe wote pamoja na msimbo wake, umwambie jina la programu na toleo lake, na umtajie dirisha la ODBC ulilofungua, la biti 32 au la biti 64.